Dawa zilizobaki nyumbani: namna ya kuzitupa bila kumdhuru mtoto, mnyama wala maji

Mama mmoja aliingia kwenye famasi ninayofanyia kazi akiwa na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba, na mgongoni kambeba mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mumewe alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Ndani ya boksi mlikuwa na dawa zote zilizobaki nyumbani, za marehemu na za wengine. "Daktari," akaniambia, "nilitaka hizi za maji nizimwage chooni, na vidonge nivichome pamoja na taka. Binti yangu akanikataza, akasema nikuulize kwanza."

Binti alifanya jambo jema. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa mle, ni chupa moja tu ambayo choo kingeweza kuwa jibu lake, tena baada ya njia nyingine zote kushindikana. Vilivyobaki vilitaka kazi ya mikono ya kama nusu saa. Nitaeleza jinsi tulivyolipanga lile boksi, kwa sababu vilivyokuwamo ndivyo vinavyopatikana kwenye kabati na droo za nyumba nyingi, na kila kimoja kina sababu yake ya kutupwa kwa namna yake.

Kwanza kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yanafuata. Nyumbani huwezi kuiharibu dawa. Kidonge kimetengenezwa ili kikae miaka kadhaa bila kubadilika, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti ni siku ambayo mtengenezaji anaacha kukuhakikishia nguvu na ubora wake. Baada ya siku hiyo dawa haizimiki kama taa. Kidonge cha kisukari kilichopita muda miezi sita bado kinaweza kushusha sukari ya mtoto hadi azirai. Kwa hiyo unapotupa dawa, hufanyi kazi ya kuiua. Unafunga njia mbili: njia ya kufika mdomoni mwa mtoto au mnyama, na njia ya kufika kwenye maji.

Mwenye uwezo wa kuiharibu kweli ni mwenye tanuri la joto kali sana, na ndiyo maana chaguo la kwanza popote ulipo ni kuirudisha dawa kwenye famasi au hospitali inayopokea. Uliza maswali mawili: "Mnapokea dawa zilizobaki majumbani?" na "Mkishapokea, mnazipeleka wapi?" Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Ukijibiwa kwamba zinakwenda kwenye tanuri la taka za hospitali, au kwamba kuna kampuni yenye kibali inayokuja kuzichukua, ziache hapo. Ukionyeshwa pipa la kawaida lililo nyuma ya kaunta, zirudishe nyumbani uzishughulikie mwenyewe, kwa sababu pipa hilo halina tofauti na lako, na watu wanaolipekua ni wengi zaidi. Unapozirudisha ziache kwenye pakiti zake ili jina la dawa lisomeke, ila futa jina la mgonjwa kwa kalamu nzito.

Famasi yetu wakati ule haikuwa na utaratibu huo kwa dawa za majumbani, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Basi tukatandika gazeti mezani, tukamwaga boksi.

Tulichokikuta

Mlikuwa na vidonge 26 vya glibenklamidi, dawa ya kisukari ya marehemu, kila kimoja miligramu 5. Mlikuwa na kopo la vidonge vya kuongeza damu, vyekundu, vimepakwa sukari kwa nje, kama 40 hivi. Kulikuwa na parasetamoli zilizopita muda, pakiti moja ya vidonge vya uzazi wa mpango ambayo binti aliiacha alipobadilisha njia, na chupa ya amoksilini ya mjukuu iliyofika nusu, ikiwa na miezi mitatu tangu ichanganywe na maji. Kulikuwa na inhala moja. Chini kabisa, ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, palikuwa na chupa ya morfini ya maji aliyokuwa akinywa marehemu kupunguza maumivu ya saratani.

Yule mama aliiogopa morfini na hakuwa na wasiwasi wowote na vile vidonge vyekundu. Kuiogopa morfini ni haki yake, lakini mtu akiniuliza ni kitu gani mle kingenikosesha usingizi kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa na kuokota, nitaitaja morfini, kisha bila kuvuta pumzi nitataja kisukari na damu.

Chukua glibenklamidi. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini. Kwa mtu mzima mwenye kisukari inashusha sukari iliyopanda. Mtoto mdogo sukari yake haijapanda, kwa hiyo inashuka kutoka mahali pa kawaida kwenda shimoni. Kidonge kimoja kinatosha kumweka kwenye hatari, na ubaya wake ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto anacheza jioni, analala, na usiku ndipo anapotoka jasho, analegea au kupata degedege. Ndiyo maana hospitali ikiambiwa kwamba mtoto amemeza dawa ya aina hii humlaza na kumpima sukari mara kwa mara hadi kesho yake, hata kama anaonekana mzima.

Vile vya kuongeza damu vinafanana na peremende, na vinanyonyeka kama peremende. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Sumu ya chuma hupimwa kwa uzito wa mwili: kuanzia miligramu 20 kwa kila kilo mtoto anaweza kuanza kuumwa, na zikizidi 60 kwa kila kilo maisha yako hatarini. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vitatu vinafika kwenye mpaka ule wa kwanza, na tisa au kumi vinafika kwenye ule wa pili. Kopo lilikuwa na 40. Tena chuma kina tabia ya kudanganya: mtoto hutapika na kuharisha, kisha huweza kutulia kwa saa kadhaa mzazi akadhani yamepita, halafu akaanguka vibaya. Ukijua au ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe na usisubiri kuona kitakachotokea. Mchukue hospitali pamoja na pakiti au kopo lenyewe, kwa sababu jina na miligramu zilizoandikwa pale ndizo zitakazomwongoza daktari.

Parasetamoli tunaizoea kiasi kwamba tunaitupa kama ganda la pipi. Kwa paka ni sumu kali. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuichakata, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Fizi zake hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso na nyayo huvimba, na pumzi humpata kwa shida. Mbwa kwa upande wake ana madhara makubwa zaidi kwenye ibuprofeni, ambayo mara nyingi imepakwa utamu kwa nje. Mfuko mwepesi wa taka ulioachwa nje usiku, ukichanganya dawa na mabaki ya chakula, ni mwaliko kwa hawa wote.

Kazi yenyewe ya kuchanganya

Njia inayotumika nyumbani pale ambapo hakuna pa kurudisha ni kuchanganya dawa na kitu kisicholika wala kutamanika, kuifungia kwenye chombo kigumu, kisha kuipeleka kwenye taka zinazozolewa. Inasikika rahisi, na ni rahisi, ila makosa yapo kwenye vitu vidogo.

Tulitumia kopo la plastiki la lita moja lililokuwa na rangi ya ukuta, lenye mfuniko wa kubana. Nililichagua kwa sababu halifanani na chombo cha chakula. Kopo la siagi au chupa ya soda ni makosa hata ukiifunga vizuri namna gani, kwa kuwa mtoto ameshafundishwa kwamba ndani ya vyombo hivyo mna kitu kitamu, na mwokota taka naye ataifungua kwa matumaini hayohayo.

Vidonge vyote tulivitoa kwenye pakiti zake tukivisukuma mmojammoja, tukiwa tumevaa glovu. Kama huna glovu, ingiza mkono kwenye mfuko safi wa plastiki. Hatukukiponda kidonge hata kimoja. Watu wengi wanadhani kuponda ndiko kuharibu, kumbe kuponda kunatoa vumbi unalolivuta puani, na kuna dawa ambazo vumbi lake ni hatari kwa mjamzito au kwa yeyote anayeligusa. Vilevile kapsuli hazifunguliwi. Zinaingia nzima.

Vidonge vyote kwa pamoja vilikuwa kama nusu kikombe cha chai. Juu yake tukaweka vikombe viwili vya udongo mkavu uliochanganywa na jivu lililopoa kabisa. Sina kipimo rasmi cha kukupa; mimi hutumia mchanganyiko wa mara tatu au nne ya dawa, kwa kuwa chini ya hapo vidonge hubaki vinaonekana. Vumbi la mbao linafaa, mchanga wa choo cha paka unafaa, makapi ya kahawa iliyokwishatumika yanafaa. Mabaki ya chakula hayafai, kwa sababu ndiyo yanayomleta mbwa.

Amoksilini ndiyo iliyotupa majimaji ya kulowesha. Dawa ya antibayotiki ya unga ukishaichanganya na maji haisubiri tena tarehe iliyoandikwa kwenye boksi. Hudumu siku 7 au 14 kutegemea aina yake, na baada ya hapo ni ya kutupwa hata kama imejaa. Ile ya mjukuu ilikuwa na miezi mitatu. Tuliimimina mle ndani, tukasuuza chupa kwa maji kidogo, na yale maji ya kusuuza nayo tukayamimina humohumo badala ya kwenye sinki. Kisha tukakoroga kwa kijiti mpaka ikawa kama tope zito la kujengea.

Hapa ndipo pa kukagua. Geuza tope kwa kijiti na utazame. Ukiona doa jekundu au jeupe la kidonge kizima limejitokeza, ongeza udongo. Ukiona maji yamesimama juu, ongeza jivu, maana kopo likipasuka hayo ndiyo yatakayotiririka. Tope likiwa sawa, unaweza kuliinamisha kopo na hakuna kinachosogea. Tukabana mfuniko, tukazungusha utepe wa gundi mara tatu, tukaandika juu kwa kalamu nzito: SUMU.

Pakiti tupu tulizikata kwa mkasi, na lebo za chupa tukazichana. Sababu yake si siri ya mgonjwa pekee. Chupa safi yenye lebo nzuri ikiokotwa jalalani inaweza kujazwa kitu kingine na kuuzwa tena kama dawa, na atakayeinywa hatajua.

Nikamwambia Mama asilitoe kopo usiku. Alitoe asubuhi ya siku ile gari la taka linapopita, na mpaka siku hiyo likae juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Kwa nini si moto, na kwa nini si choo

Alikuwa bado na swali lake la kwanza. "Kwa nini nisichome tu, yaishe?"

Moto wa taka haufiki joto linalohitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu dawa zisizohitajika unataka baadhi ya dawa za saratani zichomwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 1,200 za Selsiasi. Moto wa uani hauko karibu na hapo. Kinachotokea ni kwamba sehemu ya dawa inaungua nusunusu, sehemu inapanda na moshi, na sehemu inabaki kwenye jivu ambalo kuku watalichakura kesho. Zile pakiti za vidonge nazo nyingi ni za plastiki yenye klorini iliyofunikwa kwa bati jembamba la alumini. Zikiungua kwenye moto mdogo hutoa moshi mkali wa tindikali na sumu ya dioksini, na anayesimama karibu na moto huo mara nyingi ni mtoto aliyekuja kutazama. Inhala ikitupwa motoni hulipuka, kwa kuwa ni mkebe wenye gesi iliyobanwa.

Choo kinahitaji maelezo marefu kidogo, na hapa nataka niwe mkweli. Sehemu kubwa ya dawa zinazopatikana kwenye mito na maziwa haikutoka kwenye chupa zilizomwagwa. Imetoka kwenye miili yetu, kwa njia ya mkojo na kinyesi, baada ya kunywa dawa kama tulivyoagizwa. Hilo hulizuii kwa kutupa dawa vizuri. Lakini kinachopita mwilini kinapita kidogokidogo na sehemu yake imekwishavunjwavunjwa na ini, ilhali chupa unayoimwaga inaingia yote, kwa mara moja, na katika sehemu moja. Kama sehemu hiyo ni shimo lililo karibu na kisima chako, aliye karibu na madhara ni wewe.

Angalia ile pakiti ya uzazi wa mpango. Mwaka 2001, huko Ontario nchini Kanada, watafiti walianza kutia homoni ya etinili-estradioli, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vidonge vingi vya aina hiyo, katika ziwa dogo la majaribio. Walifanya hivyo majira ya joto ya miaka mitatu mfululizo, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita moja ya maji. Hiyo ni sawa na gramu 5 au 6 kwenye lita bilioni moja. Samaki wadogo madume walianza kutengeneza protini ya mayai ambayo ni kazi ya majike, kuzaana kukaharibika, na samaki wa aina hiyo wakakaribia kutoweka ziwani. Sasa fanya hesabu ndogo. Kidonge kimoja kina kwa kawaida mikrogramu 30 za homoni hiyo. Ukizigawa kwa nanogramu 5, kidonge kimoja kinatosha kulifikisha tangi la lita 6,000 kwenye kiwango kile. Niliifanya hesabu hii kwa kalamu mbele ya Mama, nyuma ya boksi la vidonge, akakaa kimya akiitazama ile pakiti.

Choo cha shimo kina tatizo lake jingine. Kazi ya kuoza ndani ya shimo au tangi la maji taka inafanywa na bakteria. Ukiwamwagia antibayotiki, wanyonge wanakufa na wenye uwezo wa kuihimili dawa wanabaki wakiongezeka. Na chini ya shimo hakuna kizuizi: maji yanapenya kwenye udongo kuelekea chini. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, ambao hutumika sana kama kipimo cha chini, uliwekwa kwa ajili ya vijidudu vinavyochujwa na kufa njiani. Kuna dawa ambazo hazifi njiani.

Panapokosekana gari la taka, watu huuliza kama wanaweza kuzika. Ikibidi, kinachozikwa ni lile kopo lililofungwa lenye tope ndani yake. Vidonge vitupu havizikwi. Shimo liwe refu kiasi kwamba mbwa hatalifukua, lakini lisikaribie maji ya chini. Liwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko kutoka kisimani, na pasiwe mahali panapofurika mvua ikinyesha. Kuzika kwa kina cha jembe moja karibu na bustani ni kuahirisha tu, kwa sababu kuna siku mtu atalima hapo.

Ile chupa ya chini ya boksi

Morfini haikuingia kwenye kopo. Hii ni kanuni inayowachanganya watu, kwa sababu inakwenda kinyume na yote niliyokwisha kusema.

Zipo dawa chache, hasa za maumivu makali za jamii ya morfini, ambazo kijiko kimoja au viwili, au hata kidonge kimoja, vinaweza kuzima pumzi za mtoto. Mtoto anasinzia, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi zinakuwa chache, kisha zinakoma. Ni dawa hizohizo ambazo mtu mwenye uraibu atapekua pipa lote kuzitafuta, na tope la jivu halimzuii. Kwa dawa hizi, kila siku inayopita zikiwa ndani ya nyumba ni hatari. Ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina orodha fupi ya dawa ambazo, pale tu ambapo hakuna pa kuzirudisha kwa haraka, inaruhusu zimwagwe chooni. Wamepima hatari mbili na kuona kwamba ile ya mtoto kufa leo ni kubwa kuliko ile ya matone machache majini. Mimi nakubaliana nao, kwa sharti kwamba ruhusa hiyo ibaki kwenye dawa hizo peke yake. Nimewahi kumsikia mtu akisema "si walisema chooni ni sawa?" akiwa na mfuko mzima wa antibayotiki mkononi.

Vibandiko vya fentanili viko kwenye orodha hiyo, na navitaja kwa sababu watu huvitupa wakidhani vimekwisha. Kibandiko hukaa kwenye ngozi siku tatu, na kikibanduliwa bado kina dawa nyingi ndani yake. Mwaka 2012 mamlaka hiyohiyo ilitoa tahadhari: tangu 1997 ilikuwa imepokea taarifa 26 za watoto walioguswa na fentanili ya vibandiko kwa bahati mbaya, na 10 kati yao walifariki. Wengi walikuwa na umri wa miaka miwili au chini ya hapo. Mtoto huokota kibandiko sakafuni akakibandika mwilini kama stika, au akakitia mdomoni. Kibandiko kilichotumika kikunjwe upande wa gundi kwa ndani ushikane wenyewe kwa wenyewe, kisha kiondolewe palepale kwa njia mliyoelekezwa na waliowapa. Kisikae pembeni ya kitanda hata kwa dakika tano.

Kwa Mama, kulikuwa na njia bora kuliko choo. Hospitali iliyompa mumewe morfini ilikuwa na kitengo cha tiba shufaa, na vitengo hivyo hulazimika kuihesabu morfini yao. Tukapiga simu nikiwa naye. Wakasema wataipokea Alhamisi, siku mbili mbele. Nikamwambia asiipunguze, asiihamishie kwenye chupa nyingine, na aifungie sandukuni ufunguo ukae naye.

Inhala tuliiweka kando pia. Mkebe huo hautobolewi wala kuchomwa hata ukionekana mtupu, na hospitali nyingi zinazotibu pumu zinaweza kuupokea. Kama marehemu angekuwa anajichoma insulini, sindano zingeingia kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya dawa ya kufulia, ambayo hufungwa ikifika robo tatu na kupelekwa kituo cha afya. Dawa za saratani za vidonge, kama zingekuwapo, nisingemruhusu hata kuzitoa kwenye pakiti. Hizo hurudi zilikotoka zikiwa kama zilivyo.

Alhamisi jioni Mama alinipigia simu. Muuguzi alikuwa ameimimina morfini kwenye kikombe cha kupimia mbele yake, zikatoka mililita 58, akaziandika kwenye daftari na wote wawili wakatia sahihi. Lile kopo la rangi lilikuwa limeondoka na gari la taka asubuhi ileile. Akaniuliza kama boksi la viatu analitupa pia. Nikamwambia alikung'ute nje kwanza, alitazame vizuri kwenye pembe. Alikuta kidonge kimoja chekundu kimebanana kwenye mkunjo wa karatasi.